Umetaja Kiswahili, sentensi ziko wapi?

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wafasiri na wakalimani wenzangu, hamjambo.

Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza leo, tarehe 30 Septemba, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua rasmi mwaka 2017 kuwa Siku ya Kimataifa ya Tafsiri. Niliombwa nizungumzie ubora wa tafsiri. Nimeona nianzie mahali ambapo sehemu kubwa ya ubora huo huamuliwa kabla neno hata moja halijatafsiriwa, yaani kwenye ombi la kazi. Na katika maombi yote nimechagua moja tu, ambalo naamini kila aliyemo humu amewahi kulipokea: ombi linalotaja lugha lengwa lakini halina sentensi za kutafsiri.

Mnalijua lilivyo. Limeandikwa kwa adabu kabisa: "Habari za leo. Naomba unitafsirie sentensi zifuatazo kwa Kiswahili. Ni chache tu, nazihitaji kesho asubuhi. Asante sana." Halafu linafuata jina la mteja, na chini ya jina hakuna kitu.

Wapo wanaojibu kwa mkato kwamba hawajaona sentensi, kisha wanarudi kwenye shughuli zao. Wapo wanaojibu kwa bei. Mimi nadhani hicho kipindi kifupi, lugha ikiwa imetajwa na sentensi hazijafika, ndicho kipindi bora kuliko vyote cha kumuuliza mteja yale ambayo tafsiri nzima itayategemea. Sentensi zikishafika macho yanazama humo, mteja anaanza kuhesabu saa, na maswali ya msingi hayaulizwi tena. Au yanaulizwa kazi ikiwa imeshachapwa.

Lakini kwanza hakikisha kwamba kweli hazipo, maana mara nyingi zilitumwa zikapotelea njiani, na ukijua zilipotelea wapi unaweza kumwambia mteja jambo la kumsaidia badala ya kumlaumu. Sababu ya kwanza ni ile ya kawaida, mtu ameandika ujumbe akasahau kuambatisha faili. Sababu ya pili inawapata hata watu makini. Gmail, kwa mfano, hairuhusu kiambatisho kinachozidi megabaiti 25, na faili linaposafiri kwa barua pepe hufungwa kwa namna inayoliongezea ukubwa kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo kitabu kilichoskaniwa kinachokaribia mpaka huo kinaweza kuuvuka, ingawa kwenye kompyuta ya mteja kinaonekana kiko ndani yake. Faili likizidi, mfumo unaliweka kwenye hifadhi ya mtandaoni na kutuma kiungo. Mteja anaona ametuma faili. Wewe unabonyeza unaambiwa huna ruhusa. Hapo usimwombe atume tena, maana atatuma kiungo kilekile. Mwombe akufungulie ruhusa ya kusoma, au akipunguze kitabu ukubwa.

Sababu ya tatu ni ujumbe ulionakiliwa kutoka kwenye jedwali kwenda kwenye simu. Kuna programu zinazoacha jedwali zima nje na kubakiza maneno ya juu yake tu, na hapo ndipo unapopata neno "zifuatazo" lisilofuatwa na chochote. Na sababu ya nne ni hati iliyopigwa picha. Faili unalo, unalifungua, unayaona maneno kwa macho, lakini programu ya kuhesabia inakuambia maneno ni sifuri. Hilo ni ombi lenye sentensi, ila bado halina matini unayoweza kuifanyia kazi mpaka mtu aichape upya. Muda wa kuchapa na kuhakiki ulichochapa unapaswa kuingia kwenye makubaliano, usije ukawa sadaka yako.

Sasa tuseme umetazama kote, na kweli hakuna kitu. Jambo la kwanza la kujizuia nalo ni kutaja bei. Neno "sentensi chache" halipimi chochote. Sentensi ya tangazo la dukani ina maneno manne, na sentensi ya mkataba wa upangaji inaweza kuwa aya nzima yenye vishazi vilivyobebana hadi nukta ya mwisho. Ugumu mwingine uko kwenye kuhesabu. Katika lugha yetu, "hawatakuambia" ni neno moja. Ukilipeleka kwenye Kiingereza unapata matano. Kwa hiyo hata mkikubaliana malipo kwa neno, lazima mseme ni maneno ya matini chanzi au ya matini lengwa, na huwezi kusema hivyo kama hujui chanzo ni lugha gani. Angalieni lile ombi tena: limetaja Kiswahili, halikutaja lugha inayotoka. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka mtoa huduma achunguze kwanza kama kazi inawezekana na kama anao watu na nyenzo za kuifanya, ndipo atoe bei, na yaliyokubaliwa yawekwe kwenye kumbukumbu. Mfasiri anayetaja bei kwa sentensi asizoziona ameuruka uchunguzi huo.

Jambo la pili la kujizuia nalo ni kudhani kwamba jina la lugha limekwisha kukuambia unachohitaji. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Mteja anapoandika "Kiswahili", yeye anaona amemaliza. Lakini hata orodha za kimataifa za misimbo ya lugha haziridhiki na jina hilo peke yake. ISO 639-3 inakichukulia Kiswahili kuwa lugha kuu inayokusanya lugha nyingine, yenye msimbo `swa`, na chini yake inaweka `swh` kwa Kiswahili cha pwani na cha shughuli zetu za kila siku huku Tanzania na Kenya, na `swc` kwa Kiswahili cha Kongo. Programu nyingi za kompyuta nazo hutenganisha `sw-TZ`, `sw-KE` na `sw-CD`. Hatuhitaji kukubaliana leo kama hizo ni lugha mbili au ni lahaja. Kwa mfasiri swali ni dogo zaidi: nani atazisoma hizi sentensi, na akizisoma atafanya nini?

Mwanazuoni wa Kijerumani Christiane Nord amefundisha kwamba maelekezo ya kazi ya tafsiri yanapaswa kueleza kazi ambayo matini itafanya, wasomaji wake, wakati na mahali itakaposomwa, chombo itakachopitia, na sababu ya kuitoa. Ukiyatazama mambo hayo utaona kwamba hakuna hata moja linalohitaji sentensi zenyewe. Yote yanaweza kuulizwa wakati mteja bado analitafuta faili lake.

Nitawasimulia kazi moja iliyofika mezani kwetu. Mteja simtaji, na halikuwa kosa lake kuandika alivyoandika, kwa kuwa watu wa fani nyingine hawana sababu ya kujua tunachohitaji. Ombi lilikuwa lile nililowasomea, karibu neno kwa neno. Jibu letu lilikuwa hivi:

"Habari za leo. Tumeupokea ujumbe wako, ila sentensi zenyewe hazikufika. Ujumbe unaishia kwenye neno 'zifuatazo', na hauna kiambatisho wala kiungo. Tafadhali zitume kwenye faili la Word au zibandike ndani ya ujumbe. Wakati unazitafuta, naomba utujulishe mambo matatu: zimeandikwa kwa lugha gani, watakaozisoma au kuzisikia ni akina nani na wako wapi, na zitatumikaje. Bei na muda tutakutajia tukishaziona. Asante."

Naomba mlitazame jibu hilo kwa makini. Linasema ujumbe umeishia wapi hasa, ili mteja asidhani ni mtandao wetu uliogoma. Linataja umbo tunalotaka kupokea, kwa hiyo picha ya karatasi ina nafasi ndogo ya kuja. Maswali ni matatu tu. Mkimtumia mteja maswali kumi atajibu mawili, tena yale mepesi. Na ndani ya jibu hilo hakuna ahadi ya kesho asubuhi. Alikuwa ameomba kesho asubuhi; tukinyamaza tukapokea sentensi usiku, atahesabu kwamba tumekubali. Kwa hiyo ile sentensi ya mwisho inayohusu bei na muda haipaswi kukosekana.

Majibu yalikuja kabla ya sentensi, na ndiyo yaliyobadilisha kazi. Chanzo kilikuwa Kiingereza. Sentensi zilikuwa sita, za kuwaeleza kina mama utaratibu wa utafiti wa afya na kuwaomba ridhaa. Zingesomwa kwa sauti na mhudumu wa afya. Mahali: kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma.

Anayeifahamu Nyarugusu ameshaona tatizo. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wa Kivu Kusini, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea pia Warundi kwa maelfu. Mteja alikuwa ameandika "Kiswahili" kwa sababu kambi iko Tanzania. Lakini wasikilizaji wake walikuwa makundi mawili: Wakongo, ambao Kiswahili chao kina njia zake, na Warundi, ambao miongoni mwao kuna kina mama wasiojua lugha nyingine zaidi ya Kirundi. Tulimwambia hivyo siku ileile. Matokeo yake ni kwamba ombi la lugha moja likawa la mbili, na lile la Kirundi tukalikataa, kwa sababu hatukuwa na mfasiri wa Kirundi. Tukamwelekeza kwa watu wanaoifanya kazi hiyo. Fikirini kama sentensi zingekuwa zimeambatishwa tangu mwanzo. Zilikuwa sita na nyepesi. Tungeziona, tungezitafsiri kwa Kiswahili sanifu kabla ya jioni, na sehemu ya wale kina mama wangesomewa maneno wasiyoyaelewa kisha wakaombwa waweke dole gumba.

Kwa wale Wakongo nao jina "Kiswahili" halikutosha. Nitatoa mfano wa siku za wiki. Sentensi mojawapo ilimtaka mama arudi kliniki siku fulani, na siku hiyo kwetu ni Jumatatu. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ni ya tatu. Katika Kiswahili cha Kongo wapo wengi wanaozitaja siku kwa kuhesabu kuanzia siku ya kazi, na Jumatatu yetu kwao ni siku ya kwanza. Mtu aliyezoea hesabu hiyo akisikia "tatu" ndani ya neno, ni rahisi aipeleke akili kwenye siku ya tatu yao, ambayo kwetu ni Jumatano, akaja kliniki siku mbili baadaye. Aliyeishi kambini miaka mingi ameshayazoea majina yetu. Aliyeingia karibuni hajayazoea. Dawa yake haikuwa kuandika Kiswahili cha Kongo cha kubahatisha. Tulipendekeza jina la siku liambatane na tarehe, na mhudumu amwandikie mama tarehe hiyo kwenye kadi.

Swali la tatu, lile la matumizi, nalo lilikuwa na uzito wake. Kiingereza kina neno moja la kumwambia mtu mmoja na kuwaambia watu wengi. Sisi hatuna njia ya kukwepa: ni "unaweza kukataa" au "mnaweza kukataa". Kama mhudumu anaongea na mama mmoja faraghani, ni umoja. Kama anawasomea kina mama waliokaa foleni, wingi ndio unaofaa, na hapo linazuka jambo zito la kimaadili, kwamba ridhaa ya mtu mmoja mmoja haiombwi mbele ya kundi. Mteja alipoulizwa alieleza kwamba sentensi mbili za mwanzo husomwa kwa kundi na nne zinazofuata husomwa faraghani. Kwenye karatasi zile sentensi sita zilifuatana bila alama yoyote ya kuonyesha mgawanyiko huo.

Kisha zikaja. Zilikuja kama picha ya skrini ya simu, pamoja na kwamba tuliomba Word. Zilikuwa kwenye jedwali lenye namba kushoto. Namba 1 hadi 5 zilionekana vizuri, na namba 6 ilikatwa katikati na ukingo wa picha. Hapa nasisitiza kitu kwa vijana mnaoanza: ombi lililokosa sentensi zote linajitangaza lenyewe, ila lililokosa nusu ya sentensi moja halikwambii kitu. Nusu ile ilisomeka kama sentensi kamili. Kwa tafsiri yangu ilisema, "Ukiamua kujitoa kwenye utafiti, hutapoteza huduma". Ina maana, ina sarufi, na mfasiri mwenye haraka angeiweka nukta na kuendelea. Kilichotufanya tushuku ni kwamba sentensi tano zilizotangulia zilikuwa na nukta na hii haikuwa nayo, na mstari wa chini wa jedwali haukuonekana. Tuliuliza. Maneno yaliyokatwa yalisema ni huduma zipi, na kwamba sampuli ya damu iliyokwisha kuchukuliwa ingeendelea kutumika. Kwa mama anayeamua kama atoe ridhaa au la, nusu hiyo ina uzito kuliko ile iliyoonekana.

Na kulikuwa na sentensi nyingine, ya nne, iliyosema kwa Kiingereza kwamba "kitu hicho" kitachukuliwa mara mbili. Kwenye jedwali haikujulikana ni kitu gani, kwa sababu sentensi iliyokitaja ilikuwa kwenye ukurasa mwingine ambao hatukutumiwa. Kwetu kitenzi kinataka kujua ngeli: damu "itachukuliwa", kipimo "kitachukuliwa", mkojo "utachukuliwa". Kwa hiyo hata zilipofika zote sita, bado matini ilikuwa na pengo. Tangu hapo nimekuwa nikiwaomba wateja waniletee ukurasa mzima zinamotoka sentensi, hata kama wanalipia mistari michache tu, na ukurasa huo siutozi kwa sababu sitautafsiri.

Baada ya hapo kazi yenyewe ilikwenda bila matata. Mmoja alitafsiri, mwingine akahakiki kwa kulinganisha na chanzo, kisha mtu wa tatu, ambaye hakuwahi kukiona Kiingereza cha awali, akairudisha Kiingerezani ili mtafiti aone kama maana imebaki. Hatua hiyo ya mwisho ni ya kawaida kwenye fomu za ridhaa, ingawa umoja na wingi ilibidi tuvithibitishe kwenye Kiswahili chenyewe, maana Kiingereza hakivitenganishi.

Kabla sijakaa, nitaje hali moja inayofanana sana na hii lakini si yenyewe, kwa sababu inawachanganya wengi. Unapewa faili lenye safu mbili, chanzo upande huu na nafasi tupu upande ule. Kwenye kisanduku kimojawapo cha chanzo unakuta maneno, "Tafsiri sentensi zifuatazo kwa Kiswahili", na chini yake hakuna sentensi. Je, hilo ni agizo kwako, au ni matini? Inaweza kuwa mteja alibandika ujumbe wake ndani ya kisanduku kwa bahati mbaya. Lakini inaweza pia kuwa ni maelekezo ya kwenye karatasi ya mtihani au kitabu cha kujifunzia lugha, na hapo mstari huo ndio unaotakiwa kutafsiriwa, wakati sentensi zake zimeachwa kwa makusudi kwa sababu mwanafunzi ndiye atakayezitafsiri. Ukitazama majirani wa kisanduku hicho utajua. Kama juu yake kuna "Jibu maswali yote" na chini yake kuna "Andika insha", basi uko ndani ya mtihani. Kama majirani ni maelezo ya bidhaa za dukani, mteja amekosea mahali pa kubandika. Na kama ni mtihani, usilibadilishe jina la lugha lililomo ndani ya mstari kwa sababu tu wewe unaipeleka karatasi kwenye lugha nyingine: mwanafunzi ataendelea kutakiwa atafsiri kwa Kiswahili, hata kama maelekezo anayasoma kwa Kifaransa.

Na ikiwa mteja hajibu kabisa? Hutokea. Mimi humkumbusha mara moja, kwa maneno mafupi, nikimweleza kwamba nafasi niliyomwekea nitampa mwingine nisiposikia kutoka kwake kufikia tarehe ninayoitaja. Tarehe hiyo ikipita naliondoa ombi kwenye ratiba, na ule mlolongo wa ujumbe nauhifadhi, kwa kuwa baadhi yao hurudi baada ya wiki kadhaa wakiandika, "Kama nilivyokutumia awali". Ukiwa na ujumbe wako uliosema ombi liliishia kwenye neno "zifuatazo", mazungumzo hayo hayana ubishi. Unamjibu kwa upole, na unarudia yale maswali matatu.

Mwenyekiti, naishia hapo ili tupate muda wa maswali. Naona wapo wenzetu wanaofanya kazi Kasulu na Kibondo. Ningeomba waanze wao, hasa kuhusu majina ya siku na ya miezi wanayoyasikia huko, maana wanayajua kuliko mimi. Ahsanteni sana.